Nifupishie Hii

Ombi la kufupisha andiko refu mara nyingi huja na maneno machache mno. Faili la kurasa zaidi ya mia moja hutumwa likiwa na maneno mawili, "Nifupishie hii," na aliyelituma akaendelea na shughuli zake. Mambo matatu huwa hayakutajwa: ufupisho unakwenda kufanya kazi gani, utasomwa na nani, na uwe na urefu gani. Si kwamba mwombaji ameyaficha. Amekuwa nayo kichwani tangu asubuhi, kiasi cha kudhani kwamba kila mtu anayajua. Anayeombwa naye huona haya kuuliza, akihofia kuonekana hajui kazi yake. Hukaa mezani saa nne au tano, akatoa kurasa nane zilizoandikwa vizuri ambazo hazina matumizi.

Sehemu ya tatizo hili inaanzia shuleni. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kufupisha habari, lakini hafundishwi kuuliza, kwa sababu maswali yote matatu huwa yamekwisha kujibiwa na mtunga mtihani. Katika mtihani wa Kiswahili wa KCSE nchini Kenya, karatasi ya pili ina sehemu ya muhtasari, na swali humwambia mtahiniwa afupishe aya zipi, atoe hoja gani na atumie maneno mangapi. Msomaji naye anajulikana: ni msahihishaji mwenye orodha ya hoja. Walimu wengi huongeza kanuni ya theluthi, kwamba ufupisho uwe kama theluthi moja ya habari yenyewe. Kwa kifungu cha maneno mia tatu kanuni hiyo inafaa. Kwa ripoti ya kurasa 150 inazaa kijitabu cha kurasa 50, na hakuna bosi atakayekifungua.

Ripoti za ukaguzi wa hesabu za umma zinaonyesha jambo hili vizuri kuliko maandiko mengine mengi, kwa kuwa ni ndefu na zina wasomaji wa kila aina. Nchini Tanzania, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye watu wamezoea kumwita CAG, hukagua hesabu za mwaka wa fedha unaoishia Juni 30, na kumkabidhi Rais ripoti zake kuu kabla ya Machi kwisha mwaka unaofuata. Kisha huwasilishwa bungeni. Mbali na ripoti kuu, kila halmashauri hupata ripoti yake. Ndani yake kila hoja ya ukaguzi huwa na sehemu zake: kilichobainika, sababu, athari, pendekezo la mkaguzi, majibu ya menejimenti na maoni ya mkaguzi juu ya majibu hayo. Hoja thelathini zilizoandikwa kwa mtindo huo hujaza kitabu.

Kitabu hicho kimoja hupita mikononi mwa watu ambao hawafanyi nacho kazi moja. Mkurugenzi wa halmashauri anajiandaa kuhojiwa na kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa, LAAC. Madiwani wanakutana katika baraza maalumu la kujadili hoja za CAG, ambalo mkuu wa mkoa kwa kawaida huhudhuria. Mwandishi wa redio ya jamii ana dakika tatu za taarifa ya jioni. Wapo pia wanaoandika ufupisho kwa ajili ya wananchi peke yao. Taasisi ya WAJIBU, iliyoanzishwa na Ludovick Utouh baada ya kustaafu nafasi ya CAG, imekuwa ikitoa machapisho yanayozieleza ripoti hizo kwa lugha nyepesi. Kazi kama hiyo isingehitajika kama ufupisho mmoja ungewatosha wote.

Tofauti inaonekana zaidi hoja moja inapochukuliwa na kufuatwa hadi mwisho. Tuseme ripoti ya halmashauri fulani, ambayo hapa ni ya mfano tu na takwimu zake ni za mfano, ina hoja isemayo hivi:

"Ukaguzi ulibaini kuwa wakusanyaji 14 wa ushuru walikusanya Sh. 62,400,000 kwa kutumia mashine za POS. Kati ya fedha hizo, Sh. 18,700,000 hazikuonekana katika taarifa za benki. Sababu ni kutofanyika kwa usuluhishi wa kila siku kati ya makusanyo na fedha zilizowekwa benki. Menejimenti inajibu kuwa Sh. 11,200,000 zimewekwa benki baada ya ukaguzi, na kwamba wakusanyaji watatu wanaodaiwa kiasi kilichobaki wameandikiwa barua za madai. Maoni ya mkaguzi: hoja inabaki hadi uthibitisho utakapowasilishwa."

Mkurugenzi anayekwenda mbele ya LAAC anahitaji kitu cha kumwezesha kujibu swali akiwa amesimama. Kwake hoja inakuwa: "Sh. milioni 18.7 hazikufika benki. Zilizorejeshwa milioni 11.2, hati za benki ziko kwa mweka hazina, mkaguzi hajapewa. Zilizobaki milioni 7.5, wadaiwa watatu, barua za madai zimetolewa. Cha kufanya kabla ya kikao: kuwasilisha hati." Habari ya mahali hati zilipo haimo katika ripoti. Mwandishi wa ufupisho ameitafuta kwa kupiga simu kwa mweka hazina, na asingefanya hivyo kama asingejua kwamba mkurugenzi atahojiwa.

Diwani hana haja ya kujua hati iko kwenye kabati la nani. Yeye ataombwa kutoa uamuzi, na uamuzi unategemea chanzo cha tatizo: "Kati ya Sh. milioni 62.4 za ushuru, milioni 18.7 hazikuwa zimefika benki wakati wa ukaguzi, kwa sababu makusanyo hayalinganishwi na taarifa za benki kila siku. Menejimenti inasema milioni 11.2 zimeshawekwa; milioni 7.5 zinadaiwa kwa wakusanyaji watatu. Baraza linaweza kuagiza usuluhishi wa kila siku na kupanga tarehe ya mwisho ya kulipa deni."

Msikilizaji wa redio hatahojiwa wala hatapiga kura katika baraza. Anataka kujua ushuru anaoutoa sokoni unafika wapi, na hawezi kurudi nyuma kusoma tarakimu aliyoikosa: "Katika kila shilingi mia moja za ushuru zilizokusanywa kwa mashine hizo, kama thelathini hazikuwa zimefika benki wakati wa ukaguzi. Halmashauri inasema zaidi ya nusu ya fedha hizo sasa zimepelekwa. Mkaguzi bado anasubiri uthibitisho."

Fupisho zote tatu ni za kweli na zote zimetoka katika aya ile ile. Sababu ya tatizo imo katika ule wa madiwani peke yake, na uwiano wa thelathini kwa mia umo katika ule wa redio peke yake. Hakuna hata mmoja unaoweza kuhamia mahali pa mwenzake bila kupwaya. Kwa hiyo mtu aliyeambiwa "fupisha" bila kuambiwa kwa ajili ya nini hawezi kufanya kazi hiyo vizuri hata awe hodari namna gani. Kufupisha ni kuamua nini kiachwe, na hakuna kipimo cha kuacha mpaka ijulikane msomaji atafanya nini akishamaliza kusoma.

Kati ya yale mambo matatu, kusudi ndilo linalobeba uzito mkubwa, maana huchagua habari zipi ziingie. Msomaji huamua lugha: kama neno "usuluhishi" litumike hivyo hivyo au lifafanuliwe, kama kiasi kiandikwe kwa tarakimu kamili au kwa uwiano. Urefu mara nyingi hauhitaji kuulizwa, kwa sababu hutokana na mahali ufupisho utakapotumika. Taarifa ya redio ya dakika tatu haiwezi kubeba zaidi ya maneno kama 390, kwa kuwa Kiswahili kinachosomwa kwa sauti bila kukimbizwa huenda maneno 110 hadi 130 kwa dakika. Katika maneno hayo zitaingia hoja tatu, labda nne, kati ya thelathini. Karatasi moja ya A4 yenye herufi za kawaida na nafasi ya kupumua hubeba maneno kama 400. Mkurugenzi anayepitia jambo ndani ya gari akielekea kikaoni atasoma karatasi mbili, tatu zikizidi sana. Ukijua mahali na muda, hesabu ya urefu inafanyika yenyewe.

Kuna kitu kimoja ambacho hakipaswi kupotea katika kufupisha: maneno yanayoonyesha nani amesema nini, na lini. "Wakati wa ukaguzi," "menejimenti inasema," "mkaguzi anasubiri." Maneno hayo yana sura ya mapambo, na ndiyo huwa ya kwanza kukatwa mwandishi asiyejua msomaji wake anapotafuta wepesi. Yakikatwa, "hazikuonekana katika taarifa za benki" hugeuka "zimeliwa," na hati za malipo ambazo mkaguzi hakuzipata siku ile hugeuka ushahidi wa wizi. Ukaguzi haukusema hivyo. Kosa la aina hiyo likibaki ofisini, mkurugenzi atalisahihisha kwa kalamu. Likisomwa redioni, wakusanyaji watatu wa ushuru watakuwa wamehukumiwa na mtaa mzima kabla ya jioni kuisha. Vivyo hivyo kwa ile inayoitwa mitaani hati safi. Halmashauri inaweza kupata hati inayoridhisha na bado ikawa na hoja nyingi, kwa kuwa hati hiyo inahusu kama hesabu zimeandaliwa na kuonyeshwa ipasavyo, haisemi kwamba kila shilingi imetumika vizuri. Mkurugenzi na mweka hazina wanalijua hilo bila kuambiwa. Mwananchi ataelewa vingine kabisa asipowekewa sentensi moja ya maelezo.

Namna ya kuthibitisha haihitaji kikao. Jambo la kwanza ni kuangalia kilichopo kabla ya kumsumbua mtu. Tarehe husema mengi: ripoti ya ukaguzi iliyotumwa siku chache kabla ya baraza la madiwani ina uwezekano mkubwa wa kwenda barazani. Jina la faili, watu walionakiliwa katika barua pepe, dokezo lililoandikwa pembezoni mwa jalada, vyote ni fununu. Na katika ofisi nyingi za umma yupo mtu anayejua ratiba ya bosi kuliko bosi mwenyewe, naye ni katibu muhtasari wake. Swali moja kwake, "Mkurugenzi ana vikao gani wiki hii?", huweza kumaliza nusu ya kitendawili bila mkurugenzi kuguswa.

Baada ya hapo kinachobaki kiulizwe kwa aliyeomba, na namna ya kuuliza ndiyo inayoamua kama jibu litakuja na kama litasaidia. Swali pana kama "Unataka niandikeje?" humrudishia mwombaji mzigo aliotaka kuutua. Jibu lake linajulikana: "Wewe andika tu, fupi fupi." "Uwe na kurasa ngapi?" nalo si zuri sana, kwa sababu mwombaji hana idadi kichwani. Atataja yoyote, na akishaitaja itakuwa amri. Swali linalozaa zaidi ni la matumizi: "Itatumika wapi, na lini?" Anayejibu "Jumatatu, LAAC" ametaja kusudi na msomaji kwa pigo moja, na urefu unafuata.

Lakini hata swali hilo humtaka mtu aliye na shughuli akae aandike jibu. Njia ya haraka zaidi ni kumwandikia dhana kamili, akatae au akubali. Ujumbe unaweza kuwa hivi: "Habari za mchana, Mkurugenzi. Ripoti nimeipata. Naandaa kurasa mbili kwa ajili ya baraza la Alhamisi, hoja ambazo hazijafungwa tu, kwa lugha ya madiwani. Kama ni kwa matumizi mengine naomba nielekezwe kabla ya saa kumi." Ujumbe huo umetaja yote matatu bila alama hata moja ya kuuliza. Kama dhana ni sahihi, jibu ni "Sawa," au kimya, na kazi imeshaanza. Kama si sahihi, mtu huandika masahihisho upesi kuliko anavyoandika maagizo. "Hapana, si madiwani. Ni LAAC Jumatatu. Weka na majibu yetu." Sentensi tatu fupi zilizoandikwa kwa kidole gumba zimeokoa mchana mzima. Muda uliotajwa mwishoni una kazi yake. Bila huo, ujumbe hukaa bila kujibiwa na mwandishi hajui aendelee au angoje.

Njia hii ina faida nyingine katika ofisi zenye ngazi, ambako mdogo kumuuliza mkubwa maswali mfululizo huweza kuchukuliwa kama ubishi. Anayetuma dhana anaonyesha kwamba amesoma, amefikiri na yuko tayari kuelekezwa. Heshima imehifadhiwa na habari imepatikana. Ila dhana iwe mahususi. "Naandaa ufupisho mzuri kwa wahusika" ni maneno matupu ambayo mkubwa atayakubali bila kuyasoma, na mambo yatabaki pale pale.

Kuna waombaji ambao hata wakiulizwa hawajui wanachotaka mpaka wakione. Kwao maelezo hayasaidii, mfano ndio unaosaidia. Mwandishi huchukua hoja moja tu, akaifupisha kama anavyokusudia kufupisha zote, akaituma: "Ziwe hivi?" Kazi hiyo huchukua kama robo saa, na majibu yake huwa ya uhakika kuliko ya swali lolote. Mwombaji ataona kwamba majibu ya menejimenti hayamo na kusema yawemo, au ataona kwamba sababu imeelezwa kirefu mno na kusema ikatwe. Hoja ya mfano ichaguliwe vizuri, isiwe ile nyepesi ya mwanzo. Hoja yenye fedha, majibu na ubishi ndani yake, kama ile ya POS, hufichua mengi zaidi ya hoja ya kukosekana kwa rejista ya mali.

Lipo swali moja la msomaji lisilohusu mtindo, na hilo halifai kuachwa kwa dhana. Ni swali la ruhusa. Kabla ripoti haijawasilishwa bungeni, hoja na majibu yake ni mawasiliano kati ya mkaguzi na menejimenti. Hoja nyingi hufungwa katika hatua hizo kwa sababu nyaraka zimepatikana, kwa hiyo kinachosomeka leo kama upungufu huenda kisiwemo kabisa katika ripoti ya mwisho. Mtu aliyeombwa "afupishe ili watu waelewe" anapaswa kujua watu hao ni wa ndani au wa nje, na ajibiwe kwa maneno. Kimya hakitoshi kuwa kibali cha kupeleka nje.

Si kila ombi linastahili uthibitisho. Mwenzako wa dawati la pili akisema "Hii inasema nini?" huku akionyesha waraka wa kurasa sita, anachotaka ni kujua kama kuna haja ya yeye kuusoma, na sentensi mbili za mdomo zinatosha. Kukosea hapo ni hasara ya dakika moja. Kipimo kizuri ni gharama ya kurudia: kama kurudia kazi kutachukua muda mrefu kuliko kuuliza, au kama ufupisho utasomwa mbele ya watu, uulizwe. Vinginevyo iandikwe tu. Na maswali yaje kwa mkupuo mmoja. Anayeuliza saa tatu, akauliza tena saa tano, akarudi saa saba, anamfanya mwombaji ajutie kutuma faili.

Mara nyingine hapatikani wa kuuliza. Mkurugenzi yuko safarini, mtandao hakuna, katibu muhtasari yuko likizo, na ufupisho unatakiwa asubuhi. Wengi hapo huandika kitu cha wastani, kirefu kidogo na chepesi kidogo, kwa matumaini kwamba kitawafaa wote. Kwa kawaida hakimfai yeyote: ni kirefu mno kwa redio, na hakina hati za kutosha kwa LAAC. Afadhali kuandika kwa tabaka. Juu kabisa sentensi tatu au nne zenye hali ya jumla: hati iliyopatikana, idadi ya hoja zilizofungwa na zisizofungwa, na hoja nzito kuliko zote. Chini yake ukurasa mmoja wa hoja tano au sita zinazohitaji uamuzi. Mwishoni jedwali la hoja zote lenye safu nne tu: namba ya hoja, kiasi, hali yake, na ukurasa wa ripoti inapopatikana. Mwenye dakika moja ataishia juu, mwenye kikao atafika katikati, na atakayehojiwa atalitumia jedwali kurudi kwenye ripoti yenyewe. Safu ya kurasa ndiyo isiyopaswa kukosekana, kwa sababu inamruhusu msomaji ambaye hakutarajiwa ajipatie mwenyewe kile ambacho mwandishi alikiacha.

Katika hali hiyo dhana iandikwe juu ya ukurasa wenyewe: "Ufupisho huu umeandaliwa kwa ajili ya mkurugenzi, kabla ya kikao, kutokana na ripoti ya tarehe fulani. Hoja zilizofungwa hazikuelezwa." Mstari huo humfanya msomaji ajue mara moja kama ameshika karatasi inayomhusu. Pia hutofautisha kilichoachwa kwa makusudi na kilichosahaulika, jambo ambalo huzua ugomvi mwingi kuliko makosa halisi ya tarakimu.

Ufupisho uliokosea kusudi hujulikana kwa maswali unayoyazaa, hata kama hakuna anayeulalamikia. Msomaji akiuliza "Kwa hiyo tufanye nini?" alihitaji uamuzi akapewa simulizi. Akiuliza "Nani kasema?" vyanzo vimekatwa. Akifungua ripoti nzima na kuanza kuisoma mwanzo, amekosa imani na ufupisho, au amekosa ndani yake kile alichokifuata. Na "Mbona ndefu?" si lazima iwe lawama juu ya idadi ya kurasa. Mtu huweza kusoma kurasa nne zinazomhusu bila kuguna, na akachoshwa na aya mbili zisizomhusu. Kabla ya kupunguza maneno, ni vizuri kuuliza ni sehemu gani aliiruka.

Tatizo la mwisho huja baada ya kazi kukamilika na kusifiwa. Ufupisho uliotengenezwa kwa ajili ya mkurugenzi hupigwa picha na kupelekwa katika kundi la WhatsApp la madiwani, na kutoka hapo unafika kwa mwandishi wa habari. Msomaji amebadilika bila mwandishi kuulizwa. "Wadaiwa watatu, barua zimetolewa" ilikuwa alama ya kumkumbusha mtu anayeijua habari yote. Kwa asiyeijua ni tuhuma. Hakuna njia ya kuzuia karatasi isisafiri, lakini ule mstari wa juu unaosema imeandikwa kwa ajili ya nani na kutokana na ripoti ya tarehe gani husafiri nayo, mradi umewekwa ndani ya ukurasa wa kwanza. Ukiwekwa katika ujumbe uliobeba faili, hautakuwapo picha ya pili itakapopigwa.